Akaunti ya Pesa za Simu Inapofungiwa kwa Uhakiki Usiokamilika

Akaunti ya pesa za simu nchini Tanzania, iwe ni M-Pesa, Mixx by Yas ambayo awali iliitwa Tigo Pesa, Airtel Money, HaloPesa au T-Pesa, inasimama juu ya rekodi tatu. Ya kwanza ni rekodi ya mtu mwenyewe katika Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA, yenye majina yake, tarehe ya kuzaliwa, picha na alama za vidole. Ya pili ni usajili wa laini katika kampuni ya simu. Ya tatu ni usajili wa akaunti ya pesa yenyewe, ambao kwa watu wengi ulifanywa siku tofauti na ile ya kusajili laini, na mara nyingine kwa kitambulisho kingine kabisa. Kampuni inapotuma ujumbe kwamba huduma imesitishwa kwa sababu taarifa za mteja hazijakamilika, maana yake karibu kila mara ni hiyo: mbili kati ya rekodi hizo hazisemi jambo moja, au moja haipo.

Chanzo cha hali hii ni historia fupi ya huduma zenyewe. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, na kwa miaka mingi akaunti ilifunguliwa kwa kadi ya mpigakura, leseni ya udereva, kitambulisho cha kazi au barua ya serikali ya mtaa. Wakala aliandika jina kama alivyolisikia. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza nchi nzima Mei 1, 2019, na tarehe ya mwisho ikawa Desemba 31 mwaka huo, kisha ikasogezwa hadi Januari 20, 2020. Foleni za NIDA zilikuwa ndefu, wengi hawakuwa na namba, na siku za mwisho watu waliazimana vidole: mjomba alimsajilia mpwa, jirani akamsajilia jirani. Mwaka 2023 ikafuata awamu nyingine ya kuhakiki laini, na zile ambazo hazikuhakikiwa zikapangiwa kuzimwa Februari 13. Kila awamu ilirekebisha usajili wa laini. Usajili wa akaunti ya pesa ulibaki nyuma, ukiwa na jina la miaka ya zamani, na ndipo sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha haramu inapowabana watoa huduma: hawaruhusiwi kuhudumia akaunti ambayo hawawezi kuthibitisha mwenyewe ni nani.

Kabla ya kukusanya karatasi yoyote, jambo la kwanza ni kujua ni kitu gani hasa kimefungwa, kwa sababu dawa hutofautiana. Ikiwa simu haipigi wala haipokei, na menyu ya huduma za kifedha haifunguki, tatizo liko kwenye laini. Ikiwa simu inapiga, meseji zinaingia, lakini muamala wa kutuma au kutoa pesa unakataliwa, laini ni nzima na akaunti ya pesa ndiyo iliyozuiwa. Ikiwa ujumbe unataja namba ya siri, basi pengine mteja alikosea namba hiyo mara kadhaa mfululizo, na hilo halina uhusiano na utambulisho ingawa matokeo yanafanana. Hali ya nne ni pesa iliyozuiwa kwa sababu mtu mwingine amelalamika kuwa aliituma kimakosa au alitapeliwa. Hapo mara nyingi ni kiasi kile tu kinachoshikiliwa huku salio lingine likitumika kama kawaida. Hali ya tano ni agizo la polisi au mahakama, na hiyo huduma kwa wateja hawana uwezo wa kuiondoa hata mteja alete vitambulisho kumi.

Ujumbe wenyewe uliotumwa na kampuni unapaswa kuhifadhiwa bila kufutwa. Maneno yake, yawe ni kuhusu taarifa kutokamilika, majina kutofanana au uhakiki kuhitajika, yanamwonyesha mhudumu aanzie wapi. Mteja aliyeufuta hujikuta akieleza tatizo kwa maneno yake mwenyewe, naye mhudumu huanza kubahatisha.

Hatua ya pili hufanyika nyumbani, na ndiyo inayookoa muda kuliko zote. Kwenye simu yenye laini inayohusika, mteja hupiga

```
*106#
```

na kufuata maelekezo ya kuangalia usajili. Huduma hii huonyesha laini imesajiliwa kwa jina gani, na humwezesha mwenye namba ya NIDA kuona namba za simu zilizosajiliwa kwa utambulisho wake katika mtandao huo. Jina linalotokea huandikwa kwenye karatasi, herufi kwa herufi. Kisha huangaliwa jina lililo kwenye kitambulisho cha taifa. Asiye na kadi wala namba mkononi anaweza kupata namba yake kupitia *152*00#, katika sehemu inayohusu utambuzi, kwa kujaza majina na tarehe ya kuzaliwa kama alivyozijaza wakati wa kujiandikisha. Kisha hutafutwa jina lililo kwenye akaunti ya pesa. Njia rahisi ya kulijua ni kumwomba ndugu aliyewahi kumtumia mteja pesa aangalie meseji yake ya uthibitisho, maana hutaja jina la mpokeaji.

Majina hayo matatu yakiwekwa pamoja kwenye karatasi moja, tatizo huwa linaonekana lenyewe. NIDA wanasema Rehema Juma Salehe, laini inasema Rehema J. Saleh, akaunti ya pesa inasema Mama Asha Saleh. Au laini ina jina la kaka. Au majina yote yanafanana, na hapo jicho huhamia kwenye tarehe ya kuzaliwa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa: mtu aliyezaliwa Machi 14, 1979 ana namba inayoanza na 19790314. Akaunti iliyofunguliwa na wakala aliyejaza tarehe ya kubuni ili amalize haraka haitaafikiana na tarakimu hizo. Wapo pia wazee wasiojua siku waliyozaliwa, ambao kila ofisi waliyoingia iliwapa tarehe yake. Kwa shughuli hii tarehe inayotambuliwa ni ile iliyo kwenye namba ya NIDA, na ndiyo ya kutajwa kaunta hata kama familia inaamini nyingine.

Kuna sababu nyingine inayosahaulika kwa urahisi. Mwaka 2025 NIDA ilitangaza kwamba ingesitisha matumizi ya namba za watu waliotumiwa ujumbe wa kufuata kadi zao na wasizifuate. Mtu ambaye kwa miaka amekuwa akitumia namba peke yake, na kadi yake imelala katika ofisi ya wilaya au ya kata, anaweza kukuta kila mfumo unaoiuliza NIDA unajibiwa kuwa namba hiyo haitumiki. Kampuni ya simu haiwezi kulitatua hilo. Safari ya kwanza ni ofisi ya NIDA.

Baada ya hapo ndipo vitu hukusanywa. Kitambulisho cha taifa chenyewe kinatangulia, na kama hakijatoka, namba yake iliyoandikwa vizuri. Kadi ikiwa imepotea, taarifa ya upotevu kutoka polisi huchukua nafasi ya maelezo ingawa haichukui nafasi ya kadi. Pili ni simu yenye laini yenyewe ndani yake, ikiwa na chaji. Hili linaonekana dogo, lakini mhudumu hutuma msimbo au ujumbe wa kuthibitisha kwenye laini hiyohiyo, na asiyeibeba hurudishwa nyumbani. Kama kile kipande cha plastiki kilichobeba laini siku iliponunuliwa bado kipo, nacho kibebwe, maana namba ndefu iliyochapwa juu yake ni ushahidi kwamba laini ilitoka mkononi mwa mteja. Tatu ni ushahidi wa matumizi: meseji za miamala mitatu au minne ya mwisho zenye namba za kumbukumbu, salio la mwisho linalokumbukwa, na namba ambazo mteja huzitumia pesa mara kwa mara. Nne ni hati za kuunganisha majina, kwa wale ambao majina yao yamebadilika: cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, au hati ya kubadili jina iliyotengenezwa na wakili na kusajiliwa. Kiapo kilichogongwa muhuri na wakili husaidia kueleza kuwa majina mawili ni ya mtu mmoja, lakini hakibadilishi rekodi ya NIDA, na watu wengi hulipia kiapo wakidhani kazi imekwisha.

Barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa au ya mtendaji wa kijiji haitakiwi kila mara. Thamani yake hujitokeza pale ambapo mteja ni mgeni kwenye rekodi, yaani laini iko kwa jina la mtu mwingine na anahitaji mtu wa kusema kwamba huyu ndiye anayefahamika kwa namba hii. Barua nzuri hutaja majina yote yanayotumika, namba ya simu yenyewe na tangu lini mhusika anaishi hapo. Barua inayosema tu kwamba fulani ni mkazi wa mtaa huu haimsaidii mtu kaunta.

Kitu kisichobebwa wala kutamkwa ni namba ya siri. Hakuna hatua yoyote ya uhakiki inayoihitaji. Ikibidi iwekwe upya, mteja huingiza mpya kwa kidole chake mwenyewe kwenye simu yake.

Katika duka la kampuni, uhakiki wa kawaida ni wa dakika chache. Mhudumu huingiza namba ya NIDA, mteja huweka kidole kwenye kisomaji, mfumo huuliza NIDA, na jibu hurudi pamoja na majina na picha. Kama kidole kimekubaliwa, usajili wa laini na wa akaunti ya pesa huandikwa upya kutokana na majibu hayo. Duka linafaa kuliko wakala wa kando ya barabara, kwa sababu wakala wa usajili ana uwezo wa kusajili laini lakini mara nyingi hana uwezo wa kuona kwa nini akaunti ya pesa ilizuiwa, wala wa kuandikisha lalamiko lenye namba ya kufuatilia.

Kidole kukataliwa ni jambo la kutarajiwa kwa watu wa kazi nzito. Saruji, jembe, sabuni ya kufulia, kupara samaki na umri husugua mistari ya ngozi mpaka kisomaji kisione kitu. Kwa kuwa NIDA huchukua alama za vidole vya mikono yote miwili, mteja ana haki ya kuomba vijaribiwe vingine, na kidole cha pete au cha mwisho, ambacho hufanya kazi kidogo, mara nyingi hukubali pale kidole gumba kilipokataa. Mikono ikioshwa na kukaushwa, na ngozi iliyokauka ikipakwa mafuta kidogo kisha kufutwa, nafasi huongezeka. Vyote vikikataa, iko njia ya maswali, ambayo NIDA imekuwa ikiitumia katika mifumo mingine, kama ule wa kusajili kampuni wa BRELA. Mtu huulizwa mambo aliyoyajaza kwenye fomu yake, mfano jina la mama au shule ya msingi aliyosoma, na majibu hulinganishwa na rekodi. Kama duka halina njia hiyo kwa laini, hatua inayobaki ni ofisi ya NIDA ya wilaya, vidole vichukuliwe upya. Ni vizuri familia ya mzee ikakumbuka alichojaza, maana jina la mama lililoandikwa kwa kifupi mwaka huo ndilo jibu sahihi, hata kama si jina lake kamili.

Hapa ndipo palipo na hatari inayostahili kutazamwa kwa makini. Mtu anayetaka kutapeli, akiwa na kifaa cha kusajili, humwambia mteja kwamba kidole hakijashika, aweke tena. Uwekaji wa kwanza ulikubaliwa. Wa pili unasajili laini nyingine kwa jina la mteja, ambayo baadaye huuzwa na kutumika kwa utapeli. Mteja hujua miezi mingi baadaye, akaunti yake inapofungwa kwa sababu jina lake limehusishwa na namba yenye malalamiko. Njia ya kujua ni kurudia *106# jioni ileile na kutazama namba zote zilizosajiliwa kwa utambulisho huo. Namba isiyofahamika ikionekana, inakataliwa kupitia menyu hiyo au dukani, na ujumbe wa kuthibitisha kukataliwa kwake unahifadhiwa. Mtu ambaye akaunti yake imefungwa na hajui sababu anapaswa kufanya ukaguzi huu kabla ya yote, kwa mitandao yote aliyowahi kuwa na laini yake.

Mfano ulio mgumu kuliko mingine, na ambao bado upo kila mkoa, ni wa laini iliyosajiliwa kwa kidole cha mtu mwingine. Tuchukulie mama anayeuza nyanya katika soko la Mbalizi, nje ya Mbeya. Akaunti yake ya pesa ilifunguliwa mwaka 2013 kwa kadi ya mpigakura, kwa jina lake. Januari 2020 hakuwa na namba ya NIDA, laini ikakaribia kuzimwa, na mpwa wake akamwekea kidole. Kuanzia hapo laini ikawa ya mpwa kwenye rekodi, akaunti ya pesa ikabaki ya shangazi, na kwa muda hakuna aliyelalamika. Baadaye mama akapata kitambulisho chake. Siku kampuni ilipolinganisha rekodi hizo mbili, majina na tarehe za kuzaliwa zikagongana, na akaunti yenye shilingi 640,000 ikazuiwa kutoa pesa. Wateja wake wa Tunduma waliendelea kumtumia malipo, na yaliingia, ila hayakutoka.

Akienda dukani peke yake na kitambulisho chake, kidole chake hakitakubaliwa kwenye laini hiyo, kwa sababu mfumo unamtafuta mpwa. Mhudumu asiye na subira anaweza kumwambia akamlete mwenye laini, na kwa kweli hiyo ndiyo njia fupi: wawili hao wanakwenda pamoja, mpwa anathibitisha kwa kidole chake kwamba anaachia umiliki, laini inahamishiwa kwa shangazi kwa kidole cha shangazi, kisha usajili wa akaunti ya pesa unaandikwa upya kwa namba yake ya NIDA. Mpangilio huo una maana. Wakianza kwa kubadili akaunti ya pesa kabla ya laini, mfumo unaweza kuchukua jina la mwenye laini na kuliweka kwenye akaunti, na hapo shilingi 640,000 kwenye rekodi zitakuwa za mpwa. Mama huyo anapaswa kumwambia mhudumu wazi kwamba akaunti ni ya mwaka 2013 kwa jina lake, na kuomba aangalie tarehe ya kufunguliwa kabla ya kugusa chochote.

Ugumu huja mpwa akiwa amehamia mbali, amegombana na familia au amefariki. Akiwa hai katika mkoa mwingine, duka la mkoa huo linaweza kuchukua kidole chake, na hapo namba ya lalamiko huunganisha safari mbili. Akiwa amefariki, cheti cha kifo kinahitajika, na kampuni huanza kupima ushahidi: usajili wa zamani wa akaunti, miamala, watu anaowatumia pesa kila wiki, barua ya serikali ya mtaa. Kesi ya aina hii haiamuliwi na mhudumu wa kaunta. Inapelekwa kitengo cha ndani, na mama anapaswa kutarajia siku au wiki za kusubiri. Kwa maoni ya anayeandika makala haya, kampuni zinazomjibu mteja wa namba hii kwamba laini si yake na kumwachia hapo zinakosea, kwa sababu rekodi yao wenyewe ya mwaka 2013 inamtaja. Hata hivyo, mteja anayekwenda bila kuijua hoja hiyo hawezi kuisimamia.

Wakati wa kusubiri, swali linalowasumbua watu ni kama pesa zipo. Zipo. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 na kanuni zake za pesa za kielektroniki zinataka fedha za wateja zikae katika akaunti ya amana benki, zikitenganishwa na fedha za kampuni. Kufungwa kwa akaunti kunazuia njia ya kuzifikia. Hakuhamishi umiliki wake wala hakuzipunguzi. Kinachoweza kubadilika ni deni. Aliyechukua mkopo wa kwenye simu kabla ya kufungwa bado anadaiwa, na gharama huendelea kuhesabiwa kwa masharti ya mkopo huo huku akiwa hawezi kulipa kwa njia ya kawaida. Ni busara kulitaja deni hilo siku ileile lalamiko linapoandikwa, na kuomba maelezo ya njia nyingine ya kulipa, ili liwe kwenye kumbukumbu.

Vikundi vya kuweka na kukopa vinavyotumia huduma za simu vina shida yao. Akaunti ya mweka hazina ikifungwa, na kama idhini yake inahitajika ili pesa itoke, kikundi kizima kinasimama. Viongozi wanaweza kuomba mtoa idhini mwingine, lakini hilo hudai muhtasari wa kikao wenye sahihi za wanachama, kwa hiyo uandaliwe mapema badala ya kusubiri uhakiki wa mtu mmoja.

Tofauti ikiwa iko NIDA kwenyewe, yaani jina au tarehe iliandikwa vibaya kwenye kitambulisho, marekebisho yaanzie huko. Ofisi ya NIDA ya wilaya hupokea maombi ya kubadili taarifa pamoja na hati za ushahidi na malipo ya ada, na kazi hiyo haiishi kwa siku moja. Kishawishi kikubwa ni kuiomba kampuni ya simu iandike jina sahihi kwanza. Haiwezekani, kwa sababu jina kwenye usajili hutoka NIDA moja kwa moja. Hata mhudumu akiwa na moyo mwema, hana mahali pa kuliandika. Kwa mtu mwenye haja ya haraka, mara nyingine ni afadhali kukubali jina lenye kosa litumike kwenye rekodi zote tatu ili pesa itoke, kisha kurekebisha NIDA kwa utulivu na kurudia usajili.

Makundi mawili yana utaratibu wa pekee. Laini ya mtoto chini ya miaka 18 husajiliwa kwa mzazi au mlezi, na kijana akifikisha umri na kupata namba yake anapaswa kuihamishia kwake, la sivyo akaunti ya pesa itabaki ya mzazi. Mgeni husajili kwa pasipoti au hati za ukaazi, na mkimbizi kwa hati ya ukimbizi. Kwa mgeni, kitu cha kukagua ni kama hati iliyotumika bado haijaisha muda, maana pasipoti mpya ina namba mpya. Mtanzania aliyeko Muscat au Dubai mwenye laini ya nyumbani iliyofungwa anakabiliwa na ukweli mchungu kwamba kidole hakitumwi kwa barua, na hati ya uwakilishi anayompa ndugu inaweza kufungua lalamiko lakini haiwezi kukamilisha uhakiki wa vidole.

Kila anayeandikisha lalamiko hurudi na kitu kimoja mkononi: namba ya kumbukumbu, pamoja na tarehe na jina la duka. Bila namba hiyo, kupiga simu huduma kwa wateja ni kuanza upya kila mara. Kipindi hiki cha kusubiri ndicho matapeli wanachokipenda. Hupiga kwa namba za kawaida, humtaja mteja kwa jina, na kudai wanafungua akaunti iwapo atataja namba ya siri au kutuma kiasi cha uthibitisho. Kampuni kubwa zimekuwa zikiwatangazia wateja kwamba huwapigia kwa namba 100, na uhakiki wa vidole hauna malipo ya kutumwa kwa mtu binafsi. Meseji za aina hiyo hupelekwa namba 15040 ya kuripoti utapeli.

Kampuni ikikaa kimya au ikikataa bila sababu, ngazi inayofuata hutegemea kilichofungwa. Laini iko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Akaunti ya pesa iko chini ya Benki Kuu ya Tanzania, yenye dawati la malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha na matawi katika miji kama Arusha, Mwanza, Mbeya, Mtwara na Zanzibar. Zote mbili huuliza kwanza kama lalamiko lilipelekwa kwa kampuni na lilijibiwaje, ndiyo sababu jibu la maandishi, hata la meseji, lina uzito kuliko mazungumzo ya kaunta. Barua kwa Benki Kuu haihitaji kuwa ndefu: namba ya simu, jina kama lilivyo NIDA, siku akaunti ilipofungwa, salio, namba ya kumbukumbu ya lalamiko, nakala ya ujumbe wa kampuni, na jambo linaloombwa, yaani kukamilishwa kwa uhakiki au kurejeshwa kwa salio kwa mwenye akaunti.

Akaunti inapofunguliwa, muamala wa kwanza uwe mdogo, wa kujitumia mwenyewe au kumtumia ndugu aliye karibu, ili jina linalotokea kwenye meseji ya uthibitisho lisomwe na kulinganishwa na kitambulisho. Namba ya siri hubadilishwa siku hiyohiyo, salio hulinganishwa na lile lililoandikwa kabla ya kufungwa, na malipo yaliyoingia katikati huhesabiwa moja moja kwa kutumia taarifa ya miamala ambayo mteja anaweza kuiomba kwa kampuni. Pengo lolote huripotiwa kwa namba ileile ya kumbukumbu kabla lalamiko halijafungwa.